Mzigo Uko Njiani, Chenji Anayo Nani?

"Habari mpendwa mteja. Mzigo wako unakuja leo. Malipo ni baada ya kupokea, keshi au simu. Tafadhali andaa chenji. Karibu tena."

Meseji za namna hii hutoka kila siku kwenye simu za wauza viatu, vitenge na vyombo wa Kariakoo wanaowapelekea wateja mizigo kwa bodaboda. Ina adabu, ni fupi, na ukiisoma harakaharaka huoni kasoro. Kasoro huonekana getini: bodaboda kazima pikipiki, mteja kashika noti tano za elfu kumi, na hakuna anayejua elfu nane ya kurudisha itatoka kwa nani.

Tuchukue oda moja tuifuate hadi mwisho. Mteja yuko Tegeta, kaagiza viatu vya sh. 37,000, na usafiri ni 5,000. Meseji ile ya juu haikutaja jumla. Muuzaji anaona hakuna haja, bei walishakubaliana juzi. Lakini juzi walikubaliana bei ya viatu, na usafiri ulitajwa pembeni, katikati ya maswali ya rangi na saizi. Mteja anayekumbuka 37,000 ataandaa 37,000. Kwa hiyo kitu cha kwanza kuingia kwenye meseji ni jumla, kisha mchanganuo wake: 42,000, yaani viatu 37,000 na usafiri 5,000. Ongeza na sentensi fupi kwamba bodaboda asiongezwe kitu. Wapo wanaofika na kusema nauli yao bado, na mteja asiyeambiwa hulipa mara mbili, kisha lawama zote zinarudi dukani.

"Baada ya kupokea" nayo ina mianya. Mmoja ataelewa kwamba avae kwanza, akiridhika atume pesa jioni. Mwingine ataelewa kwamba haruhusiwi hata kufungua boksi mpaka atoe hela. Andika mpangilio wenyewe: fungua, jaribu, lipa kabla bodaboda hajaondoka. Kama duka lako haliruhusu kujaribu, sema hivyo hivyo mapema; mteja akijua masharti kabla, ana nafasi ya kukataa oda bila ya mtu kupoteza mafuta.

Sasa tuje kwenye neno "simu", ambalo ndilo lenye mambo mengi. Kila mtu Tanzania amewahi kupokea ile meseji ya matapeli, "ile pesa tuma kwenye namba hii". Mteja mwenye akili zake ataogopa meseji yoyote inayofanana nayo, na muuzaji asiyeangalia anaweza kuandika kitu kinachofanana nayo kabisa: namba tupu, haina jina, haina maelezo. Dawa yake ni jina. Anapolipa kwa Lipa Namba, mteja huona jina la biashara kabla ya kuweka namba ya siri. Basi liandike jina hilo vile vile litakavyotokea, hata kama ni tofauti na jina unalotumia mtandaoni. Maduka mengi yanajulikana kwa jina moja Instagram na yamesajiliwa kwa jina lingine. Mteja akiliona lile geni anasimama, anapiga simu, bodaboda anangoja juani. Taja na mtandao wa namba hiyo, kwa sababu mwenye laini ya mtandao mwingine hupita menyu tofauti.

Kisha weka katazo moja: asitume kwa namba nyingine yoyote, hata akiambiwa na aliyeleta mzigo. Sentensi hii inamlinda mteja, inakulinda wewe, na inamwondolea bodaboda mwaminifu mashaka ya bure.

Halafu kuna ya kutolea. Mteja akituma 42,000 kwenye namba ya kawaida, muuzaji anayetaka kuishika mkononi anakatwa pale kwa wakala, na ugomvi wa nani abebe makato hayo ni wa zamani kama huduma zenyewe. Amua kabla ya kuandika. Ushauri wangu ni kwamba uibebe wewe, uiweke ndani ya bei, na umwambie mteja wazi asiongeze ya kutolea. Makato yanayotajwa mtu akiwa getini humuudhi mteja kuliko thamani yake.

Kuhusu uthibitisho, bodaboda asikubali kuoneshwa tu meseji kwenye simu ya mteja, maana meseji ya muamala hughushiwa. Pesa imeingia pale tu inapoonekana upande wa duka. Hilo halihitaji kuandikwa kwa ukali. "Tukishaona malipo, bodaboda ataendelea na safari" linatosha, na halimwiti mtu mwizi.

Imebaki chenji. "Andaa chenji" inampa mteja kazi ambayo ingefanyika kwa urahisi zaidi dukani. Noti kubwa kuliko zote Tanzania ni ya 10,000, kwa hiyo mteja anayelipa kwa noti hizo hawezi kudai chenji inayofika 10,000. Kwa mzigo wa 42,000, akitoa noti tano anarudishiwa 8,000. Mpe bodaboda noti moja ya 5,000, moja ya 2,000 na moja ya 1,000. Zinatosha kwa mwenye 50,000, kwa mwenye 45,000 anayedai 3,000, na kwa mwenye 43,000 anayedai 1,000. Bodaboda akiwa na mizigo minne, funga bahasha nne, kila moja na chenji yake. Ukimpa chenji moja ya kuzungukia, mteja wa kwanza ataimaliza na wa pili ataambiwa asubiri aende dukani kuchenji.

Lakini usiandike "bodaboda ana chenji ya kutosha". Meseji husambazwa, na hakuna sababu ya kutangaza kwamba kijana fulani anapita barabarani na pesa. Taja kiasi cha mzigo huo tu. Na ikitokea chenji imepungua, mteja aijue njia mapema: salio litumwe kwenye simu yake palepale, kwa gharama ya duka.

Ukishayaweka hayo pamoja, meseji ya WhatsApp inakuwa hivi:

"Habari za asubuhi dada. Viatu vyako vitafika Tegeta kati ya saa 8 na saa 10 mchana. Jumla ni sh. 42,000 (viatu 37,000, usafiri 5,000), bodaboda usimwongeze kitu. Fungua, jaribu, kisha lipa kabla hajaondoka. Unaweza kulipa kwa noti au kwa Lipa Namba ya M-Pesa (namba hapa), litatokea jina (jina hapa). Usiongeze ya kutolea, na usitume kwa namba nyingine hata ukiambiwa. Tukishaona malipo, bodaboda ataendelea na safari. Ukilipa kwa noti, chenji ya hadi 8,000 ipo. Ikipungua tutakutumia palepale. Utalipa kwa noti au kwa simu?"

Lile swali la mwisho usilifute hata ukibanwa na urefu. Akijibu "simu", bahasha ya chenji inabaki dukani. Akijibu "noti, nina hamsini", unajua cha kufunga. Asipojibu kabisa, mpigie kabla ya kupakia mzigo, kwa sababu huenda hayupo nyumbani.

Mtumie na bodaboda meseji hiyohiyo kabla hajawasha pikipiki. Mteja aliyeambiwa afungue na kujaribu, akakutana na mletaji anayesema boksi halifunguliwi bila hela, atakuwa na haki ya kukasirika.