Fahamu: Kwa nini kupoteza kumi kunauma kuliko kupata kumi kunavyofurahisha

Chuki ya hasara ni nini?
Ni tabia ya kuumizwa zaidi na kupoteza kitu kuliko kufurahishwa na kupata cha thamani ileile. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliieleza mwaka 1979. Baadaye walikadiria kuwa uchungu hufika takriban mara mbili ya furaha.

Dukani inaonekanaje?
Tuseme kuna maduka mawili Lodwar. La kwanza linauza pakiti ya unga shilingi 200, ukilipa taslimu unapunguziwa 10. La pili linauza 190, ukilipa kwa M-Pesa unatozwa 10 zaidi. Bei ni zilezile. Hata hivyo, mwenye M-Pesa atanung'unika zaidi katika duka la pili, kwa sababu huko kumi imetoka mfukoni mwake. Katika la kwanza amekosa punguzo tu.

Je, humpata kila mtu?
Si kila mara. Mfanyabiashara wa Kakuma haumii kutoa gunia la sukari, kwani alilinunua ili liondoke. Kinachomuuma ni kuliuza chini ya bei aliyonunulia, hata kama bei ya jumla imeshashuka. Basi analiacha likae, na pesa yake inakaa nalo.

Jiulize: kama ungekuwa na pesa badala ya bidhaa uliyonayo, ungeinunua leo kwa bei unayoing'ang'ania?