Kichwa cha video husomwa zaidi na wasiobofya

YouTube huwaeleza watengeneza video jambo moja ambalo wengi hulipita haraka: nusu ya chaneli na video zote zilizomo humo zina kiwango cha kubofya kati ya asilimia 2 na 10. Yaani picha ya jalada na kichwa chake vikitokea mara 100 kwenye vioo vya simu, vitabofywa mara mbili, tano, pengine kumi. Zile mara tisini na ushei zilizobaki, mtu huitupia jicho picha, husoma maneno mawili matatu, kisha kidole kinaendelea kusogeza. Kwa huyo, kichwa ndiyo video nzima.

Mjadala wa vichwa vya chambo kwa kawaida humhusu aliyebofya akakuta hakuna kitu. Analalamika, na ana haki. Lakini angalau yeye amegundua kuwa amedanganywa. Aliyepita bila kubofya hana nafasi hiyo. Ameondoka na sentensi moja kichwani, na kama sentensi hiyo ni ya uongo, hakuna dakika ya tatu itakayomsahihisha. Kwa hiyo kila kichwa kinachopendekezwa kinafaa kuulizwa kwanza: yule asiyebofya ataondoka akiamini nini?

Tuchukue video moja tuifuate. Ni ya dakika nane, kwa ajili ya wakulima wa mahindi, na inaonyesha namna ya kupima ukavu wa punje kwa chupa na chumvi. Unachukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, unatia mahindi hadi kama theluthi, unaongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, unafunga na kutikisa kwa nguvu kwa dakika moja hivi, kisha unaiacha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu wa mahindi umezidi takriban asilimia 15, na ukiyafunga kwenye gunia yataota kuvu. Chumvi ikidondoka yote chini, unyevu uko chini ya hapo. Kuvu ndiyo inayozalisha sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kuosha mahindi wala kwa kusonga ugali. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo na 125 wakafariki. Video kama hii ina sababu ya kutafuta watazamaji wengi.

Kichwa kinachomjia haraka bwana shamba ni hiki: “Umuhimu wa kukausha mahindi baada ya mavuno.” Ni kweli tupu, na karibu hakuna atakayekibofya. Sababu aliieleza George Loewenstein, mwanazuoni wa Marekani aliyeandika kuhusu saikolojia ya udadisi mwaka 1994. Kwa maelezo yake, udadisi huamka mtu anapoliona pengo kati ya anachokijua na anachotaka kukijua. Mkulima tayari anajua kwamba mahindi hukaushwa. Kichwa hicho hakimwonyeshi kilichompungukia, basi anapita.

Hoja hiyo hiyo inaeleza kwa nini “Hutaamini kilichotokea!” huchosha watu upesi. Ili mtu aone pengo, lazima aone na kingo zake: kitu anachokifahamu upande huu, na kitu kilichofichwa upande ule. Mwaka 2019 Derek Muller wa chaneli ya Veritasium alitoa video ambayo kichwa chake kinauliza kwa nini kuna mipira myeusi 96,000,000 juu ya bwawa la maji. Kichwa kinataja kila kitu: mipira, rangi yake, idadi yake, mahali ilipo. Kilichobanwa ni sababu tu. Bwawa lipo Los Angeles, mipira ipo kweli, na sababu yenyewe inashangaza. Wengi hukisia kwamba ni ya kuzuia maji yasikauke, kumbe ilikusudiwa hasa kulikinga jua lisikutane na klorini na bromidi iliyomo majini, vikatengeneza bromati, kemikali inayohusishwa na saratani. Aliyesoma kichwa bila kubofya ameondoka na jambo la kweli: kuna bwawa lililofunikwa kwa mipira.

Turudi kwenye mahindi. Mwandishi anayetafuta kiki ataandika: “UGALI UNAUA! Tazama kabla hujala leo.” Ataambiwa kuwa hofu inauza, na takwimu zinakubali, ila kwa kiasi kidogo kuliko watu wanavyodhani. Kati ya 2013 na 2015 tovuti ya Upworthy ilifanya majaribio mengi sana ya kulinganisha vichwa: habari ileile ilipewa vichwa tofauti, vikagawiwa wasomaji bila upendeleo, na mibofyo ikahesabiwa. Kumbukumbu za majaribio hayo baadaye walipewa watafiti, na mwaka 2023 uchambuzi wake ukachapishwa. Kwa kichwa cha urefu wa wastani, kila neno hasi lililoongezwa lilipandisha kiwango cha kubofya kwa asilimia 2.3. Asilimia hiyo ni ya mibofyo iliyokuwapo: waliobofya wangekuwa 100, sasa wanakuwa 102. Kwa faida ya watu wawili, umewatisha maelfu wasiobofya kuhusu ugali, chakula ambacho watakula jioni hiyo hiyo, bila kuwapa hata kidokezo cha namna ya kujikinga.

Ila kichwa hicho si kibaya kuliko vyote, maana kelele zake zinamzindua msomaji. Hatari zaidi ni kile kinachofanana na ukweli: “Jua kama mahindi yako yana sumukuvu, kwa chumvi tu.” Kinavutia, ni kifupi, kina chumvi na kina sumukuvu, vyote vimo kwenye video. Lakini ni uongo. Chumvi hupima unyevu, haipimi sumu. Mahindi yaliyonyeshewa shambani yakaota kuvu, kisha yakaanikwa juani yakakauka vizuri, yatafaulu kipimo cha chupa na sumu imo ndani. Kuijua sumukuvu kunahitaji maabara au vifaa maalumu vya kuipima. Aliyesoma kichwa hicho na kupita ataenda kutikisa chupa yake, chumvi itadondoka chini, na atawapikia watoto akiwa na amani isiyo na msingi.

Wala tusijifariji kwamba aliyebofya amepona. Ullrich Ecker na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, waliwapa watu makala zilezile zenye vichwa tofauti, vingine vikiegemea upande usiolingana na uzito wa habari yenyewe. Waligundua kwamba kichwa kinachopotosha kinaweza kugeuza kile msomaji anachokikumbuka na hitimisho analolitoa, hata kama ameisoma makala. Kichwa hutangulia, na yanayofuata husomwa kwa jicho lake. Ndiyo maana haitoshi kusema “nimefafanua dakika ya sita.”

Basi tuandike kinachofaa: “Chupa na chumvi: pima kama mahindi yamekauka kabla ya kufunga gunia.” Vitu viwili vya nyumbani vimetangulia kwa makusudi. YouTube inaruhusu herufi 100, lakini simu hukata kichwa kirefu, hivyo maneno yaliyobeba mzigo hukaa mwanzo. Pengo lipo: chupa na chumvi anavijua, mahindi anayajua, jinsi vinavyokutana hajui. Na kitenzi ni “yamekauka,” ambacho ndicho hasa video inachokithibitisha. Ukitaka kukamata upotoshaji, mara nyingi utaukuta kwenye kitenzi: chumvi “inaonyesha unyevu” ni kweli, “inagundua sumu” si kweli.

Picha ya jalada inabeba nusu nyingine ya kazi. Kwa kawaida hutengenezwa kwa ukubwa wa pikseli 1280 kwa 720, na aliyeitengeneza huitazama kwenye kioo kikubwa cha kompyuta, lakini kwenye simu inashuka hadi upana wa vidole viwili vitatu. Kwa hiyo maneno matatu au manne ndiyo yanayosomeka, na hayapaswi kurudia kichwa, kwa sababu viwili hivyo husomwa kwa pamoja. Kona ya chini kulia iachwe wazi, maana hapo ndipo muda wa video hubandikwa. Picha yenyewe iwe ya chupa iliyopigwa kwa karibu, chumvi imeganda kwenye kioo, na iwe imetoka kwenye video hiyo hiyo. Juu yake: IKIGANDA, ANIKA TENA. Wapo watakaosema nimetoa jibu bure. Nimelitoa kwa asiyebofya, nami sioni hasara. Anayetaka kupima bado hajui chupa ijazwe kiasi gani, chumvi iwe kiasi gani, asubiri muda gani. Hayo yamo ndani.

Hapa mtu wa biashara atauliza kama uaminifu huu unalipa. Mwaka 2012 YouTube iliacha kuzipa kipaumbele video kwa idadi ya mibofyo peke yake, ikaanza kuangalia muda ambao watu wanatazama. Chukulia jalada la “UGALI UNAUA” limeonyeshwa mara 10,000, likabofywa na asilimia 12, na kila aliyebofya akakaa dakika moja kabla ya kugundua kuwa ni somo la kukausha nafaka. Hizo ni dakika 1,200. Jalada la chupa likibofywa na asilimia 7 tu, wakakaa dakika nne, ni dakika 2,800. Hesabu ni ya mfano, lakini kipimo ni cha kweli: zana ya YouTube inayokuruhusu kujaribu majalada hadi matatu kwa video moja humtangaza mshindi kwa mgawo wa muda uliotazamwa, si kwa mibofyo.

Namna ya kujua umekosea ipo kwenye YouTube Studio, katika mchoro unaoonyesha watazamaji waliobaki kila sekunde. Mstari hushuka mwanzoni kwa kila video. Ukiporomoka kama ukuta ndani ya nusu dakika ya kwanza, huku kiwango cha kubofya kikiwa juu, jalada limeahidi kitu ambacho hakijaonekana. Wakati mwingine kosa ni la video: salamu ndefu, muziki, historia ya mahindi. Chupa ile ya kwenye jalada ionekane ikitikiswa ndani ya sekunde ishirini za mwanzo, na mstari utatulia. Kama chupa ilionekana mapema na bado wamekimbia, basi maneno ya jalada ndiyo yenye kosa.

Ushahidi mwingine hauonekani kwenye mchoro wowote, uko kwenye maoni. Kumi wakiuliza kama chumvi ya mawe inafaa, au kama chupa ya plastiki inafaa, wameelewa. Mmoja akiandika kwamba amepima na sasa ana hakika mahindi yake hayana sumukuvu, mjibu siku hiyo hiyo, kisha fungua jalada na uongeze neno UNYEVU mahali linapoonekana.