Saa 3 Kamili, Kabla Maji Hayajarudi

Tangazo la vijana limebandikwa kwenye mlango wa duka, pwani ya Kwale: "Jumamosi tunapanda mikoko. Tukutane dikoni saa 3 kamili asubuhi. Miche 2,000. Njoo na raba za kamba, kofia, maji ya kunywa na ndoo. Majembe hayahitajiki."

Asiyeijua bahari atadhani saa hiyo imechaguliwa ili watu wapate kunywa chai kwanza. Aliyeipanga ni mwezi. Unapoandama, na tena ukishakuwa mpevu, bahari huwa bamvua, na pwani hii maji hupwa kabisa kama saa 4 au saa 5 asubuhi. Wakikutana saa 3 wataingia topeni maji yakiendelea kupwa, na watakuwa wametoka yakianza kurudi miguuni. Tangazo hilohilo likiahirishwa wiki moja bila kubadilishwa saa, watu watafika wakute maji yamejaa. Siku za maji mafu, kupwa huja alfajiri na jioni.

Miche yenyewe haitoki kwenye viriba. Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti mama, ikaning'inia kama fimbo ndefu ya kijani. Iliyokomaa huonyesha pete ya manjano pale inapokutana na tunda, na ukiigusa hung'oka bila kuvutwa. Ukiilazimisha, umeichuma mbichi. Ichunguze pia kama ina matundu, maana mdudu aliyetangulia kuingia hataiacha iishi.

Kupanda ni kuchomeka tu: ncha iliyochongoka chini, kichipukizi juu, theluthi moja ndani ya tope. Ndiyo maana jembe libaki nyumbani. Wageni wengi huipindua kichwa chini, kwa hiyo kiongozi huwaonyesha mmoja mmoja kabla ya kugawa ndoo. Kwa nafasi ya mita moja kila upande, miche 2,000 hujaza eneo la mita 20 kwa 100. Watu 40 wakipanda 50 kila mmoja, kazi imekwisha.

Kosa kubwa hufanyika kabla ya siku yenyewe, wakati wa kuchagua mahali. Tope tupu karibu na bahari huvutia kwa kuwa halina kazi ya kusafisha, lakini mara nyingi ni tupu kwa sababu maji hukaa hapo muda mrefu mno, na mawimbi huing'oa miche. Tafuta visiki: palipokatwa mikoko, mikoko hukubali. Ukienda juu zaidi, upande wa nchi kavu, hapo ni pa mkandaa.

Kuhusu raba, ziwe za kufunga. Malapa hubaki topeni hatua ya tatu, na buti za mpira zikishajaa maji ni mzigo. Nguo za kubadilisha tangazo limezisahau, ila ukiona mtu anarudi nazo kwenye mfuko, jua huyo ameshawahi kwenda.