Polisi Mlangoni Bila Hati: Sheria ya Kenya Inaruhusu Lini?

Watu wengi nchini Kenya wanaamini kwamba polisi hawawezi kupekua nyumba bila karatasi ya mahakama. Wengine wanaamini afande akishabisha hodi, hakuna la kuuliza. Imani zote mbili zina makosa, na zote mbili huwaponza watu.

Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inamlinda kila mtu dhidi ya kupekuliwa mwili, nyumba au mali yake. Ndiyo maana njia ya kawaida ya upekuzi hupitia kortini. Chini ya kifungu cha 118 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, ni lazima hakimu aelezwe kwa kiapo ni kitu gani kinachotafutwa, kinahusiana na kosa gani na kinaaminika kuwa wapi. Akiridhika, hutoa hati ya upekuzi. Hati hiyo hutekelezwa kati ya macheo na machweo, isipokuwa korti iwe imeruhusu saa nyingine. Mwenye nyumba akionyeshwa hati, anapaswa kuwafungulia. Akikataa, wanaweza kuingia kwa nguvu.

Lakini kuna nyakati ambapo safari ya kwenda kwa hakimu ingeharibu uchunguzi. Hapo ndipo Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi, katika vifungu vya 57 na 60, inapowaruhusu polisi kuingia bila hati. Haitoshi wawe na sababu ya kuamini kwamba kitu kinachohitajika kwa uchunguzi kimo ndani. Ni lazima pia wawe na sababu ya kuamini kwamba wakisubiri hati, kitu hicho huenda kikahamishwa au kuharibiwa, au uchunguzi ukavurugika vibaya.

Tuchukue mfano wa pikipiki iliyoibwa. Saa nane mchana jirani anapiga simu kituoni: ameiona katika stoo ya nyumba fulani, na vijana wawili wameshang'oa tangi na wanafungua injini. Kufikia jioni itakuwa imegeuka vipuri na kutawanyika. Hapa polisi wana msingi wa kuingia mara moja. Sasa tuubadilishe mfano. Mtu anawaambia polisi Jumatatu kwamba pikipiki imefungiwa stoo wiki nzima, na mwenye nyumba hatarudi hadi Ijumaa. Tuhuma ni ileile, pikipiki ni ileile, ila haraka haipo. Korti iko wazi, na muda wa kwenda kuapa mbele ya hakimu upo. Wakivunja mlango siku hiyo, itakuwa vigumu kuieleza korti kwa nini hawakwenda kutafuta hati.

Kifungu cha 60 kinaongeza sharti ambalo raia wachache wanalijua. Kabla ya kuingia, mkuu wa kituo au afisa anayechunguza anatakiwa aandike sababu za imani yake na maelezo ya kitu anachokitafuta. Kwa hiyo sababu hutangulia upekuzi. Afisa hawezi kuingia kubahatisha, kisha akatumia alichokiokota chini ya kitanda kuhalalisha kuingia kwake. Kitu kikichukuliwa, kinapaswa kuandikwa papo hapo na kufikishwa kwa hakimu bila kuchelewa.

Gari lina ulinzi mdogo zaidi kuliko nyumba, kwa kuwa huondoka. Kifungu cha 26 cha sheria ya mwenendo kinamruhusu polisi kulisimamisha na kulipekua akiwa na sababu ya kushuku kwamba limebeba mali ya wizi. Hata hapo, tuhuma lazima iwe na msingi.

Polisi wanaweza pia kuingia wakimfuata mtu wanayetaka kumkamata. Na ikiwa chumba kinakaliwa na mwanamke ambaye kwa desturi yake hajitokezi hadharani, kifungu cha 22 kinawataka kwanza wamjulishe kwamba ana ruhusa ya kuondoka, na wampe nafasi ya kufanya hivyo.

Polisi wakifika kwako, usipigane nao wala usizuie mlango kwa mwili. Waombe kitambulisho cha kazi. Wakiwa na hati, soma jina la mahali na kitu kinachotafutwa. Wasipokuwa nayo, uliza wanatafuta nini na kwa nini hawakuweza kusubiri. Fuatana nao chumba hadi chumba ukiruhusiwa. Usitie sahihi orodha ya vitu kabla ya kuisoma yote, na ukipinga upekuzi, sema hivyo mbele ya mashahidi.

Majibu hayo yana uzito baadaye. Ibara ya 50(4) inaitaka korti ikatae ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki, ikiwa kuupokea kutafanya kesi isiwe ya haki au kutadhuru utendaji wa haki. Kwa hiyo upekuzi mbaya hauifuti kesi moja kwa moja. Wakili wako atahitaji kuonyesha kilichokosewa na madhara yake. Malalamiko dhidi ya afisa unaweza kuyapeleka kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi. Kote huko utaulizwa mambo yaleyale: walikuja saa ngapi, walisema wanatafuta nini, na walitoa sababu gani ya kutokwenda kwa hakimu. Yaandike siku hiyohiyo.