Namba mbili za kuanzia

Wanafunzi wa klabu ya habari walidhani mgeni wao angeanza na idadi ya watazamaji. Hakuanza nayo. Tangu 2012, aliwaeleza, YouTube hupima zaidi muda ambao watu hukaa kwenye video kuliko mara ilizofunguliwa.

Akatoa mfano. Picha ya jalada imeonekana mara 1,000, na mara 50 watu wamebofya: asilimia 5, kiwango kizuri kwa anayeanza. Lakini video hiyo ya dakika 4 inatazamwa kwa wastani wa dakika 1 tu, basi kasoro imo ndani. Mchoro wa utazamaji ukiporomoka ndani ya sekunde 30 za mwanzo, ama utangulizi ni mrefu, ama jalada liliahidi kisichokuwemo.

Watazamaji wakiwa kumi tu, asilimia hizo bado haziaminiki.