Dagaa wa Pakiti: Mfuko Hauponyi Dagaa Mbaya

Ndugu msomaji, je, umepata kununua pakiti ya dagaa dukani, nzuri kwa macho, kisha ukaifungua jikoni harufu yake ikawafukuza watoto? Fedha imekwenda, na mboga ya jioni hakuna. Pengine wewe mwenyewe ndiwe uliyewafunga dagaa hao, na mwenye duka amekurudishia pakiti zako zote zimeota ukungu. Basi leo tutazame habari ya dagaa wa Ziwa Viktoria, tangu mwaloni mpaka pakiti, tujue ni kitu gani kinachowaharibu.

Jambo la kwanza ulishike vema: mfuko wa nailoni hauhifadhi dagaa. Kazi yake ni kuzuia tu. Huzuia hewa yenye unyevu, vumbi na wadudu wa nje. Lakini maji yakiwa tayari ndani ya dagaa, mfuko huyafungia humo humo. Ndiyo maana kazi kubwa hufanyika kabla ya kufunga.

Kukausha

Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi wengi wana taa za betri au za umeme wa jua. Asubuhi mitumbwi ikifika, usikawie. Dagaa hukaushwa mzima pamoja na matumbo yake, na akikaa kwenye beseni hadi saa sita mchana tumbo hulainika na kupasuka. Dagaa wa namna hiyo, hata akikauka kama kuni, harufu yake itakuwa kali ya kuchoma pua, mithili ya mkojo. Jua halirudishi kilichokwisha oza.

Waoshe kwa maji safi, wachuje, kisha waanike juu ya chanja. Chanja hutengenezwa kwa miti, ikafika kimo cha kiuno, na juu yake hutandikwa wavu. Watandaze wembamba, wasilaliane, na uwageuze. Upepo hupita juu na chini, na siku ya jua kali huweza kutosha. Wanaoanika mchangani hupata dagaa wenye mchanga, nao hukauka upande mmoja huku upande wa chini ukinyonya unyevu wa ardhi. Mchanga huo hauoshwi ukaisha; meno ya mlaji yatakusimulia. Jua likizama kabla hawajakauka, au wingu likitanda, wafunike kwa turubai uendelee kesho.

Mizani haidanganyi

Utajuaje kwamba wamekauka? Mkono husaidia: dagaa mkavu huvunjika kwa mlio, hapindi. Lakini mizani husema zaidi. Tuseme mama mmoja amenunua kilo 20 za dagaa wabichi. Katika hizo karibu robo tatu ni maji, yaani kilo 15. Nyama, mifupa na mafuta ni kilo 5 tu. Akiwakausha vizuri, na unyevu kidogo ukibaki, atapata karibu kilo 5 na robo tatu. Hizo ni pakiti 23 za gramu 250.

Sasa tuseme ana haraka, akawapima wakiwa kilo 7. Atapata pakiti 28, naye atafurahi kwamba amepata 5 zaidi. Kumbe zile 5 ni za maji! Ndani ya kilo 7 hizo mna kilo 2 za maji, na hayo yatosha kabisa kuotesha ukungu. Baada ya majuma machache hatapoteza pakiti 5, bali 28 zote, na mwenye duka hatapokea tena mzigo wake. Hesabu hii ni ya kukadiria, maana dagaa wa majira haya hawalingani sawasawa na wa majira yale kwa maji na mafuta; lakini ukizoea kupima kabla na baada, hutadanganyika kirahisi.

Kufunga

Dagaa wakitoka juani wana joto. Waache kivulini wapoe kabisa, lakini usiwaache wakalala wazi usiku kucha, maana watanyonya unyevu. Ukiwafunga wangali moto, mvuke wao hugeuka matone ya maji ndani ya mfuko. Yafaa kufanya jaribio: funga pakiti moja, uiweke juani saa moja. Ukiona matone kwa ndani, usiendelee. Warudishe dagaa kwenye chanja.

Tumia mfuko mzito wa chakula. Ule mwembamba hutobolewa na vichwa na mapezi ya dagaa wenyewe, na tena funza wenye manyoya, watoto wa mdudu mweusi apendaye samaki wakavu, huutoboa. Funga mdomo wake kwa mashine ndogo ya umeme. Pasipo umeme, wengine hukunja mdomo wa mfuko juu ya jino la msumeno na kuupitisha upesi juu ya mwali wa mshumaa. Kisha chukua pakiti moja uibonyeze ndani ya maji. Mapovu yakitoka, hukuziba.

Andika juu yake uzito, tarehe ya kufunga, na jina lako. Katika Tanzania, ukitaka kuuza madukani, kagua mambo yako na Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lenye kazi ya usalama wa chakula.

Harufu na muda

Dagaa mwema ana harufu ya ziwa, ya samaki, isiyochoma. Rangi yake ni ya fedha. Harufu ya gunia lenye unyevu ni ukungu. Pakiti hiyo usianike upya ukaiuza, wala usiwape kuku: ukungu huweza kuacha sumu ambayo jua na moto haviiondoi.

Harufu ya tatu ni ya mafuta ya zamani yanayokereketa kooni, na dagaa huwa wa manjano au hudhurungi kama kutu. Huyo hakuoza, mafuta yake yamechacha. Dagaa ana mafuta mengi, nayo huharibiwa na hewa, joto na mwanga. Kwa hiyo pakiti inayoangaza, iliyotundikwa mlangoni pa duka juani ili ivutie wanunuzi, huharibika mapema kuliko ile iliyo ndani ya boksi mahali pa baridi. Mwambie mwenye duka hivyo unapompelekea mzigo.

Basi dagaa hukaa muda gani? Wengine huandika miezi 6 kwa sababu wamewaona wenzao wakiandika hivyo. Usifanye hivyo. Katika mzigo wa kwanza weka kando pakiti 6, mahali pale pale unapotunza nyingine. Kila mwezi fungua moja, unuse, uvunje, upike. Ikiwa ya mwezi wa tano imeanza kukereketa koo, andika miezi 3 au 4. Utakuwa umetoa pakiti chache, lakini maneno ya mfuko wako yatakuwa kweli.

Na wewe mnunuzi, ukiwa nyumbani umeifungua pakiti, wamwage dagaa waliobaki kwenye chombo kikavu chenye kifuniko cha kubana, ukiweke kabatini mbali na jiko na dirisha. Kabla ya kuwapika, wanuse kwanza. Pua yako haijui kusoma tarehe, lakini mara nyingi hutambua kabla ya jicho.