Salio Linapokataa: Kuikagua Kadi ya Mkopo wa Kikundi

Kadi ya mkopo wa kikundi, ambayo mwanachama huenda nayo kwenye mkutano wa marejesho kila wiki, ina safu chache tu: tarehe, namba ya wiki, rejesho, akiba, salio la mkopo na sahihi ya aliyepokea fedha. Kuikagua huanzia juu ya kadi, kwenye salio la kwanza, kwa sababu hapo ndipo hesabu zote zinazofuata zinaposimama.

Tuseme mwanachama amekopa shilingi 600,000 kwa wiki 24, kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi inayopigwa juu ya mkopo wote mpaka mwisho, bila kujali kiasi kilichokwisha kulipwa. Kwa miezi sita riba hiyo ni shilingi 108,000, na deni zima ni 708,000. Likigawanywa kwa wiki 24, rejesho ni shilingi 29,500, ambamo 25,000 ni mkopo wenyewe na 4,500 ni riba. Juu yake kuna akiba ya lazima ya shilingi 2,500. Kwa hiyo mwanachama huyu hutoa mkononi shilingi 32,000 kila wiki, lakini zinazopunguza deni ni 29,500 tu. Makosa mengi ya kadi huzaliwa katika tofauti hiyo ndogo.

Baada ya wiki kumi bila kukosa, marejesho yamefika 295,000, akiba ni 25,000 na salio linapaswa kuwa 413,000. Kadi, hata hivyo, inasoma 400,500. Mwanachama anaweza kufurahi kwamba deni limepungua haraka, na afisa mikopo asigundue lolote mpaka wiki za mwisho, daftari la ofisini litakapodai zaidi ya kadi. Ugomvi wa namna hiyo huzuilika kwa jambo moja: katika mstari wowote wa kadi, jumla ya marejesho ikijumlishwa na salio lazima irudi kwenye deni la mwanzo. Hapa 295,000 na 400,500 ni 695,500, na zimepungua shilingi 12,500.

Upungufu huo unasema wenyewe ulikotoka. Ukigawanywa kwa akiba ya 2,500 hutoka tano kamili, dalili kwamba kwa wiki tano akiba imetolewa kwenye deni kana kwamba ni rejesho. Kinachobaki ni kuitafuta wiki yenyewe. Wiki ya nne salio lilikuwa 590,000, sawasawa. Wiki ya tano lilipaswa kuwa 560,500, lakini limeandikwa 558,000: mwandishi alitoa 32,000 zote, na aliendelea hivyo mpaka wiki ya tisa. Fedha ileile imehesabiwa mara mbili, kwenye akiba na kwenye deni. Tarakimu yenye kosa hukatwa kwa mstari mmoja ili iendelee kusomeka, iliyo sahihi huandikwa kando, na pande zote mbili hutia sahihi. Kufuta kabisa au kupaka rangi nyeupe huifanya kadi isiaminike hata pale inaposema kweli.

Wiki ya malipo pungufu inahitaji jicho la peke yake. Akileta shilingi 20,000, ofisi nyingine hukata akiba kwanza, na 17,500 zinazobaki ndizo zinazoingia kwenye rejesho. Malimbikizo yanakuwa 12,000. Ikiwa wiki hiyo salio limeshuka kwa 29,500 kamili, basi wenzake kikundini wamemjazia, na deni hilo limehamia kwao. Kadi haitalionyesha, bali daftari la mweka hazina wa kikundi.

Safu ya akiba nayo hukaguliwa peke yake, kwa kuwa akiba hiyo ni dhamana na haipunguzi salio mpaka itumike rasmi kulipia. Kwa kawaida inapanda tu. Ikishuka, mwanachama ana haki ya kuuliza ilikwenda wapi, maana katika vikundi vingi hukatwa kufidia mwenzao aliyeshindwa kulipa, na si kila mara mwenye kadi huambiwa siku hiyohiyo.

Anayetaka kumaliza mapema aelewe pia kwamba salio la 413,000 limebeba riba ya wiki 14 ambazo bado hazijafika. Mkopo wenyewe uliobaki ni 350,000; nyingine 63,000 ni riba. Kama riba hiyo itasamehewa, ni suala la mkataba, si la kadi, na huulizwa kabla ya kutoa fedha. Asipomaliza mapema, wiki ya 24 atalipa riba ileile ya 4,500, ingawa mkopo uliobaki mkononi mwake wiki hiyo ni 25,000 tu. Rejesho hilo likiingia, salio linasoma sifuri na safu ya akiba 60,000, ambazo hurudishwa au huhamishiwa mkopo mpya, na uamuzi wowote kati ya hiyo miwili huandikwa kwenye kadi na kutiwa sahihi kabla haijakabidhiwa ofisini.